Mteja anatafuta "kahawa Moshi", wewe umeandika "Karibu": somo la duka lako kuonekana Google

Somo la leo nimelilipia mwenyewe, kwa hiyo lisome taratibu.

Mimi nauza kahawa ya kusaga na ya punje iliyokaangwa. Niko Kirua Vunjo. Kwa asiyepajua, unatoka Moshi mjini kwa barabara ya Himo, ukifika Kawawa unakata kushoto unapanda mlimani. Nilianza kwa kuuzia WhatsApp na Instagram. Baadaye nikatoa hela nikatengenezewa tovuti, nikiamini sasa wateja nisiowajua watanipata. Miezi mitano ikapita. Oda zilizokuja kupitia tovuti zilikuwa tatu, na zote tatu ni za ndugu zangu niliowatumia linki kwa mkono wangu.

Siku moja mama mmoja wa Moshi mjini alikuja kwa kuelekezwa na jirani. Akaniambia, "Mwanangu, nimehangaika na simu wiki nzima kutafuta kahawa ya kusaga ya huku Moshi. Mwisho nikanunua ya Dar." Aisee, iliniuma. Kahawa yangu ipo, tovuti ninayo, mtu yuko mjini hapo chini anatafuta, halafu ananunua iliyopanda basi kutoka Dar. Nikaanza kufuatilia kosa liko wapi. Nilikuta makosa manne, na nitayapitia moja moja kwa mpangilio niliourekebisha.

1. Kwanza hakikisha Google inaijua tovuti yako

Kabla ya kuhangaika na maneno, fanya kipimo hiki. Nenda Google, andika hivi, weka anwani ya tovuti yako mahali pa huu mfano, na usiweke nafasi baada ya nukta mbili:

```
site:dukalako.co.tz
```

Hapo unaiambia Google ikuonyeshe kurasa za tovuti hiyo ilizonazo kwenye kumbukumbu yake. Kurasa zako zikija, uko salama, ruka kwenye namba mbili. Zisipokuja kabisa, hata ukiandika maneno mazuri kiasi gani unapoteza muda, maana duka lako halimo kwenye daftari.

Kwangu haikuja hata moja. Kumbe tovuti za WordPress zina kisanduku ambacho fundi hukiwekea tiki wakati bado anajenga, ili kazi isiyokamilika isionekane. Aliyenitengenezea alimaliza kazi, akalipwa, akasahau kukiondoa. Miezi yote mitano nilikuwa na duka ambalo mlangoni pameandikwa "Google usiingie".

Ukitaka kukikagua, ingia `Settings`, kisha `Reading`, shuka chini utakuta `Discourage search engines from indexing this site`. Kikiwa na tiki, itoe, halafu hifadhi. Kama tovuti yako si ya WordPress, mwambie fundi wako akuangalizie kama kwenye kurasa kuna mstari huu:

```html
<meta name="robots" content="noindex">
```

Neno `noindex` maana yake ni "usiuweke ukurasa huu kwenye matokeo". Kwenye ukurasa wa duka halitakiwi.

Ukishatoa, fungua akaunti ya Google Search Console. Ni ya bure. Itakutaka uthibitishe kwamba tovuti ni yako, na kama hapo pana ugumu fundi wako atakusaidia kwa dakika chache. Kisha bandika anwani ya ukurasa wako kwenye kisanduku cha juu na ubonyeze `Request Indexing`. Hapo umeiita Google ije kukagua. Usitegemee ije leo leo, inaweza kuchukua siku kadhaa, wakati mwingine wiki.

2. Maneno ya kutafutia yako kwenye WhatsApp yako

Tovuti yangu ilikuwa imeandikwa "Bidhaa asilia za arabika kutoka Kirua Vunjo". Kwa macho yangu ilipendeza. Swali ni moja tu: nani anaandika maneno hayo akiwa na hamu ya kahawa?

Nilichukua daftari, nikafungua WhatsApp, nikarudi nyuma hadi meseji za kwanza kabisa za kila mteja mpya. Meseji ya kwanza ni dhahabu, kwa sababu mtu bado hajajifunza lugha yako. Anaandika kama anavyoongea, na hivyo hivyo ndivyo anavyoandika Google. Nikagawa ukurasa mafungu matatu: kitu wanakiitaje, wanataka kiasi gani, na wanataja mahali gani.

Fungu la kwanza lilinishtua. Hakuna aliyesema "arabika". Waliandika "kahawa ya kusaga", "kahawa ya unga", na wachache "kahawa ya punje". Fungu la pili lilikuwa "robo kilo" na "nusu kilo", wakati mimi nimeandika gramu 250 na gramu 500. Fungu la tatu ndilo lililonifundisha zaidi. Waliotaja Kirua walikuwa watu wa nyumbani waliohamia Dar au Arusha. Wengine wote waliandika "kahawa ya Moshi" au "kahawa ya Kilimanjaro".

Ukifikiria ina mantiki. Sisi wa huku tunajua kuna Kirua Vunjo Mashariki, Magharibi na Kusini, na tunajua Kirua si Kilema wala Marangu. Mteja wa Mwanza hajui. Kwake vyote ni Moshi. Kwa hiyo mahali pako pana majina kama matatu, moja ndani ya jingine: la kijijini au la kata, la mji, na la mkoa au mlima. Jina la kupata wateja wapya ni lile analolijua mteja. La kwako la ndani usilitupe, nitakuonyesha kazi yake.

Baada ya hapo nilijaribu kila neno Google, kwenye dirisha la `Incognito` ili historia yangu isiingilie. Usiangalie tu kama wewe upo. Angalia waliopo ni akina nani, maana hao ndio wanaokueleza mtu akiandika neno hilo huwa anataka nini. Chukua mfano huu: nilifikiri "bei ya kahawa" ni neno zuri kwangu, kwa sababu kila mteja anauliza bei. Nikaliandika. Yaliyokuja ni habari za wakulima, mnada na vyama vya ushirika. Kumbe ni halali. Mnada wa kahawa unafanyika hapa hapa Moshi chini ya Bodi ya Kahawa, na mtu anayeandika "bei ya kahawa" mara nyingi ni mkulima anayetaka kujua atauza kilo kwa shilingi ngapi. Huyo hanunui pakiti ya robo. Ningehangaika nimpate, angefungua, angeona si anachotaka, angetoka.

"Kahawa Kilimanjaro" nayo ililetwa na kampuni za utalii zinazopeleka wageni mashambani. Ni kampuni zenye tovuti za miaka mingi, siwezi kushindana nazo. Lakini "kahawa ya kusaga Moshi" ilileta matokeo ya ovyo ovyo: matangazo ya zamani, kurasa zinazotaja kahawa kwa mbali. Hapo ndipo penye nafasi ya muuzaji mdogo. Neno refu kidogo linatafutwa na watu wachache, ila hao wachache wameshajua wanataka nini, na aliyekutangulia pale hana nguvu.

Mwisho wa zoezi nilibaki na maneno mawili tu: "kahawa ya kusaga Moshi" na "kahawa ya punje iliyokaangwa". Kila moja likapata ukurasa wake. Usiweke maneno kumi kwenye ukurasa mmoja. Na usitengeneze kurasa ishirini zinazofanana, "kahawa Dar", "kahawa Dodoma", "kahawa Tanga", umebadilisha jina la mji tu. Google inahesabu huo kuwa ni ujanja, na inaweza kukushusha au kukuondoa.

3. Kichwa cha ukurasa

Ukitafuta kitu Google, kila tokeo lina mstari mkubwa unaobonyezwa. Mstari huo mara nyingi unatoka kwenye kichwa cha ukurasa. Hiki si yale maandishi makubwa unayoyaona ukishaingia ndani, kinaandikwa sehemu yake. Wengi wetu hatujawahi kukigusa, na ndiyo maana ukurasa wa mbele wa maduka mengi unasomeka `Home`. Wangu ulisomeka "Karibu", basi. Karibu wapi? Kuna nini? Google haikuambiwa, mteja naye hakuambiwa.

Nilibadilisha ukurasa wa kahawa ya kusaga ukawa hivi:

```html
<title>Kahawa ya kusaga Moshi, robo na nusu kilo | Jina la Duka</title>
<meta name="description" content="Kahawa ya Kirua Vunjo, Kilimanjaro. Tunakaanga na kusaga baada ya oda. Tunapeleka Moshi mjini na kutuma mikoani kwa basi.">
```

Kwenye WordPress huhitaji kugusa kodi. Ukiwa na programu-jalizi kama Yoast au Rank Math, chini ya kila ukurasa kuna sehemu ya kuandika kichwa na sehemu ya kuandika maelezo.

Angalia mpangilio wake. Neno la mteja liko mwanzo, kwa sababu skrini ya simu ni ndogo na kichwa kirefu kinakatwa mwishoni. Hakuna idadi kamili ya herufi iliyowekwa na Google, lakini ukihakikisha jambo la muhimu limeisha ndani ya herufi 50 hadi 60 hutajuta. Kisha kiasi, kwa lugha ya mteja, robo na nusu. Jina la duka liko mwisho, maana asiyekujua hatafuti jina lako. Na kila ukurasa una kichwa chake, havifanani.

Ule mstari wa pili ni maelezo yanayoweza kutokea chini ya kichwa. Hayakupandishi juu kwenye matokeo. Kazi yake ni kumfanya mtu abonyeze wewe na si jirani yako. Hapo ndipo Kirua Vunjo ikapata kazi yake: imesimama kama ushahidi kwamba kahawa ina kwao. Ndani ya ukurasa nikaeleza zaidi, kwamba inalimwa vihambani chini ya migomba, na nikaweka jibu la lile swali ambalo kila mtu huniuliza, tunaitumaje mkoani.

Tahadhari mbili. Kwanza, Google inaweza kubadilisha kichwa chako yenyewe ikiona hakifanani na kilichomo ndani. Ukiona mstari kwenye matokeo si ule ulioandika, soma ukurasa wako: je, yale maandishi makubwa ya juu yanasema jambo lile lile? Yangu yalikuwa bado yanasema "Bidhaa zetu". Nikaandika "Kahawa ya kusaga". Pili, mtu akikuuzia huduma ya kujaza orodha ndefu ya maneno kwenye sehemu inayoitwa `keywords`, usimlipe. Google ilishasema tangu mwaka 2009 kwamba haiitumii hiyo kupanga matokeo.

4. Kuandikisha duka kwenye ramani

Ule mama wa mjini angeweza kunipata kwa mlango mwingine kabisa, yaani ramani. Mtu akitafuta kitu akiwa na mji kichwani, Google mara nyingi inaweka kwanza kisanduku chenye ramani na maduka machache, ndipo tovuti zinafuata. Kuingia pale unahitaji Google Business Profile. Haina malipo. Anayekwambia Google inadai ada ya kukuandikisha anakupiga.

Kitu cha kwanza utakachoulizwa ni kama wateja wanakuja dukani au wewe unawapelekea. Jibu ukweli. Kama unauzia nyumbani na hupokei watu, unachagua kupeleka, unaficha anwani, unataja maeneo unayohudumia. Kama una duka watu wanaingia, unaweka mahali halisi. Sanduku la posta halikubaliki kama mahali pa duka.

Huku kwetu hakuna namba za nyumba, na hapa nilikosea. Niliandika "Kirua Vunjo" nikaiacha Google iweke pini yenyewe. Ikaiweka mahali pake. Bodaboda mmoja alipelekwa na ramani hadi kwenye migomba ya watu, akanipigia simu akifoka. Dawa yake ni kusimama mlangoni mwa duka, kukuza ramani mpaka uone paa lako, na kuivuta pini kwa kidole hadi juu ya paa. Ukibonyeza mahali hapo kwenye ramani utapata pia Plus Code, msimbo mfupi wa herufi na namba wenye alama ya kujumlisha katikati. Mtumie mteja huo badala ya "ukifika ule mti mkubwa uliza".

Kisha unathibitisha. Njia anachagua Google, si wewe, na siku hizi mara nyingi ni video. Irekodi mfululizo bila kuikata: anza nje, barabara na majirani waonekane, kibao cha duka kama kipo, ingia ndani onyesha bidhaa na vifaa, kisha onyesha kwamba wewe ndiye mwenye mali, mfano unavyofungua kufuli kwa ufunguo wako.

Kosa langu kubwa lilikuwa kwenye jina. Baada ya kujifunza maneno nikajiona mjanja, nikaandika jina la duka na kuongeza "Kahawa ya Kusaga Moshi Bei Nafuu". Wasifu wangu ukasimamishwa. Sheria ni kwamba jina liwe lile lile lililo kwenye kibao na kwenye risiti, bila nyongeza. Nililirekebisha, nikaomba upya, nikasubiri. Maneno yako yana sehemu zake: kundi la biashara, ambalo kwangu ni `Coffee store`, kisha maelezo, orodha ya bidhaa na picha. Jina na namba ya simu viwe vile vile kwenye ramani, kwenye tovuti na Instagram.

Ujue na mpaka wake. Ramani inapanga kwa mambo matatu: unauza kinachotafutwa au la, uko mbali kiasi gani na anayetafuta, na unajulikana kiasi gani, ikiwemo maoni ya wateja. Umbali huwezi kuubadilisha. Mtu aliyesimama sokoni Mbuyuni ataonyeshwa kwanza maduka ya mjini, mimi wa mlimani nitafuata. Mtu wa Dar akiandika "kahawa" tu, ramani haitanileta kabisa. Huyo atanipata kwa ule ukurasa wa namba tatu. Ndiyo maana nimeweka vyote viwili, mmoja kwa walio karibu, mwingine kwa walio mbali. Kwenye maoni, mwombe kila mteja halisi aliyeridhika, umtumie linki. Usinunue na usijiandikie.

Utajuaje kama inafanya kazi?

Usijitafute mwenyewe kila asubuhi. Google inaangalia ulipo, kwa hiyo unachokiona ukiwa dukani kwako si anachokiona mtu wa Arusha. Ingia Search Console, bonyeza `Performance`. Pale kuna orodha ya maneno ambayo watu waliandika tovuti yako ikatokea. Angalia safu mbili. `Impressions` ni mara ngapi umeonekana, `Clicks` ni mara ngapi umebonyezwa.

Kama huonekani kabisa baada ya wiki kadhaa, rudi namba moja, halafu namba mbili. Kama unaonekana sana lakini hubonyezwi, tatizo ni kichwa au maelezo, au umetokea kwa neno la watu wengine, kama mimi na wale wakulima wa "bei ya kahawa". Badilisha kitu kimoja, subiri wiki tatu au nne, ndipo uguse kingine. Ukibadilisha vyote siku moja hutajua kipi kimesaidia.

Kwangu, oda ya kwanza ya mtu nisiyemjua iliingia mwezi wa pili baada ya marekebisho. Nusu kilo, Moshi mjini. Nilimuuliza amenipataje, akasema, "Nimeandika tu kahawa ya kusaga Moshi."

Yule mama nimempelekea namba ya duka. Sasa hivi ananunua kila mwisho wa mwezi.

Leo kabla hujalala fanya mawili: kile kipimo cha `site:`, na ufungue meseji ishirini za kwanza za wateja wapya uandike wanakiitaje kitu unachouza. Ukikwama, weka swali lako hapo chini, taja unauza nini na uko wapi.